Dengu loweka, adesi si lazima

Adesi ni ndogo na bapa, maji huzipenya upesi. Zioshe tu uzipike; huiva kwa nusu saa hivi, na zile nyekundu zilizokobolewa huwahi zaidi.

Dengu ni habari nyingine. Zikibandikwa kavu zinaweza kula mkaa wa saa mbili. Kikombe kimoja kiwekee maji vikombe vitatu, maana zitavimba karibu mara mbili. Zikilala usiku kucha, huiva kwa saa moja hivi.

Maji ya kulowekea yamwage. Yamebeba sehemu ya sukari ambayo tumbo haliwezi kuisaga, na vijidudu vya utumbo mpana huigeuza gesi. Gesi hupungua, haiishi kabisa.

Kwa joto letu la Bagamoyo tunashauri kuloweka jioni, si asubuhi. Maji yakitoa povu na harufu kali, dengu zimeanza kuchacha.

Nyanya na ukwaju visubiri dengu zilainike, kwani uchachu huzichelewesha kuiva. Na kama zimelowekwa vizuri lakini bado ni ngumu, huenda zilikaa stoo muda mrefu kwenye joto na unyevu. Hizo, magadi kidogo husaidia.