Slaidi: za Mtandaoni au za Kwenye Laptopu?

Juzi nilipanda matatu kutoka Kangemi hadi katikati ya jiji la Nairobi kuonyesha slaidi za mradi wa vijana wetu. Tulizitengeneza watu watatu kwa Google Slides: mimi Kangemi, wenzangu Mombasa na Lamu. Kwa kazi ya pamoja ni nzuri mno. Mmoja akiandika, mwenziwe anaona papo hapo, na faili ni moja tu.

Ukumbini hapakuwa na mtandao. Google Slides hufunguka bila mtandao ikiwa uliiandaa mapema: utumie Chrome au Edge, uwashe `Offline` katika mipangilio ya Drive, kwenye laptopu ile ile utakayobeba. Mimi nilibeba ya kuazima.

Kilichoniokoa ni nakala niliyoishusha usiku kwa `File > Download > Microsoft PowerPoint (.pptx)`. Lakini laptopu ile haikuwa na fonti yetu. Ikaweka nyingine pana zaidi, vichwa vikakatika mistari. Video nayo haikucheza, maana ilikuwa YouTube.

Sasa tunaandika mtandaoni, tukikubaliana naishusha. Naifungua kwa PowerPoint au LibreOffice Impress kwenye laptopu nitakayobeba, Wi-Fi ikiwa imezimwa, na kurekebisha palipoharibika. Kisha natoa nakala ya PDF, ambayo hubeba fonti zake: haichezi video, lakini sura haibadiliki. Baada ya hapo asiguse mtu ile ya mtandaoni, la sivyo mtakuwa na faili mbili zinazopingana.