Ukunjukaji wa protini: kwa nini yogati ya maziwa ya boksi haisimami

Mtu wa Gatitu, Nyeri, anayetaka kutengeneza yogati nyumbani ana njia mbili za kupata maziwa. Anaweza kununua ya ng'ombe kwa jirani, yaliyokamwa alfajiri, akayachemsha mwenyewe. Au ataingia dukani atoke na boksi lenye herufi UHT, maziwa yanayokaa miezi kadhaa kwenye rafu bila friji. Akitia chachu ileile, kwa kipimo kilekile, na kuyaweka mahali pamoja, asubuhi atakuta vitu viwili tofauti. Yogati ya maziwa ya jirani imeshikana, ukiikata kwa kijiko ukingo unabaki umesimama na majimaji ya rangi ya manjano-kijani yanajikusanya katika shimo. Ile ya boksi ni laini, nyororo, na inatiririka ukiinamisha kikombe, ingawa majimaji yake yaliyojitenga ni machache. Ladha ya uchachu ni ileile. Kilichotofautiana ni mgando, na chanzo chake ni jambo la kikemia ambalo ninapendekeza tuliite ukunjukaji wa protini.

Protini za maziwa ziko za aina mbili kubwa. Karibu asilimia 80 ni kasini, iliyojikusanya katika vitufe vidogo sana vinavyoelea na kuyapa maziwa weupe wake. Zilizobaki, karibu asilimia 20, zimeyeyuka katika maji ya maziwa. Hizi za pili ndizo zinazoathiriwa na moto. Kila moja ni mnyororo mrefu uliojikunja kama donge la uzi, na sehemu zake zinazopenda kunata zimefichwa ndani. Joto likipita takriban digrii 70, uzi huo huanza kulegea na kufunguka. Sehemu zilizofichwa zinatokeza nje, na protini inakuwa tayari kushikamana na jirani yake, hasa na ngozi ya vitufe vya kasini.

Wapo wanaosema protini "imeharibika" au "imevunjika". Maneno yote mawili yanapotosha. Maziwa yaliyoharibika, kwa kila mwenye jiko, ni maziwa yaliyooza. Nayo protini iliyovunjika ni ile iliyokatwa vipande, kama tumbo linavyoikata wakati wa kumeng'enya chakula. Hapa mnyororo ni mzima na lishe yake ipo, ila umbo lake limefunguka. Kitenzi kukunjuka kinaeleza hasa kinachotokea, na kinatupa pia protini iliyokunjuka na kiasi cha ukunjukaji, maneno tunayoyahitaji katika mjadala huu.

Sasa turudi kwenye sufuria. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka hapa kwa takriban digrii 94, wala si 100. Kwa yogati hilo ni bahati njema. Viwanda vinavyotengeneza yogati hupasha maziwa kwa digrii 90 hadi 95 kwa dakika tano hadi kumi, au 85 kwa nusu saa. Mama anayeacha maziwa yachemke, kisha akapunguza moto na kuyakoroga kwa dakika kumi na tano, amefanya kazi ileile ya kiwanda. Muda huo unatosha protini nyingi za maji ya maziwa kukunjuka na kunasa juu ya kasini. Wakati huohuo mvuke unaondoka, na lita moja inapungua kidogo, hivyo protini inayobaki imekolea zaidi. Bakteria wa chachu wakishaanza kutengeneza asidi na pH ikielekea 4.6, vitufe vya kasini vinashikana, na zile protini zilizonasa juu yake zinakuwa viungo vya ziada. Mgando unakuwa mgumu.

Maziwa ya UHT yamepita njia nyingine. Yamepashwa kwa digrii 135 hadi 150, lakini kwa sekunde chache tu, kisha yakapozwa na kufungwa bila kuguswa na hewa yenye vijidudu. Moto ni mkali kuliko wa jikoni, lakini muda ni mfupi mno. Protini nyingi zimekunjuka, ila namna zilivyoshikana na kasini haifanani na ile ya kuchemsha taratibu, na mgando unaotokana nayo huwa dhaifu. Tena hakuna maji yaliyopotea. Kiasi cha ukunjukaji hutegemea pia mtambo: pale mvuke unapodungwa moja kwa moja ndani ya maziwa, hukunjuka kidogo kuliko pale maziwa yanapopita kando ya bomba la moto. Ndiyo maana boksi za viwanda viwili zinaweza kutoa yogati mbili tofauti.

Kuyachemsha upya hakusaidii sana, kwa sababu sehemu kubwa ya ukunjukaji imeshatokea kiwandani. Kinachosaidia ni kuongeza protini. Kwa lita moja ya maziwa ya boksi, koroga vijiko vitatu vya chakula vya maziwa ya unga, pasha hadi digrii 43 au 45, tia vijiko viwili vya yogati isiyo na ladha ambayo bakteria wake wako hai, kisha mimina kwenye chupa ya chai au funika sufuria kwa blanketi. Usiku wa Julai huku kwetu ni baridi kali, na sufuria iliyoachwa wazi mezani itapoa kabla bakteria hawajamaliza kazi. Acha kwa saa sita hadi nane. Anayetaka nzito zaidi aichuje kwa kitambaa.

Kabla ya kulaumu boksi, onja. Ikiwa maziwa yamechacha lakini ni mepesi, tatizo ni mgando, na maziwa ya unga yatasaidia. Ikiwa bado ni matamu kama ulivyoyaweka, basi chachu ilikuwa imekufa au joto lilizidi. Yogati zinazokaa dukani bila friji kwa kawaida zimepashwa moto baada ya kuchacha, kwa hiyo hazifai kuwa chachu.

Kwenye jibini la renneti mambo yanageuka. Renneti ni kimeng'enya kinachokata ngozi ya nje ya vitufe vya kasini ili vishikane. Protini zilizokunjuka zikiwa zimenasa pale pale, zinavizuia vitufe kukaribiana, na sehemu ya kalisi inayohitajika nayo imefungika kwa sababu ya joto. Kwa hiyo kilichoimarisha yogati ndicho kinachoharibu jibini. Maziwa ya UHT yakitiwa renneti hubaki maji, au hutoa uteute usiokatika kwa kisu, na kloridi ya kalisi huongeza nguvu kidogo tu. Maziwa ya jirani yaliyochemshwa sana nayo yanashindwa. Haifai kuyatumia mabichi kwa kukwepa tatizo hili, kwani ugonjwa wa bruselosi hupitia humo. Yapashe kwa digrii 63 kwa dakika 30 kamili ukitumia kipimajoto, kisha yapoze hadi 32 kabla ya renneti. Joto hilo linaua vijidudu na kuacha protini nyingi zikiwa bado zimekunjika.

Mwenye boksi pekee anaweza kutengeneza jibini la limau. Pasha lita moja mpaka ikaribie kuchemka, tia maji ya limau kijiko kimoja kimoja mpaka majimaji yaonekane angavu, kwa kawaida vijiko vitatu au vinne. Chembe zitakazojitenga zitakuwa ndogo na laini kuliko za maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa nyumbani, na zitapita kwenye chujio la chai. Ziache zitulie dakika kumi na tano, kisha zichuje kwa kitambaa kilichofumwa kwa karibu, bila kukikamua kwa nguvu.