Por na para kivukoni Kisorya

Kijana mwanafunzi wa Kihispania alinionyesha sentensi yake: "Mañana salgo por Ukerewe para Kisorya." Alitaka kusema kesho anaondoka kwenda Ukerewe, akipitia Kisorya, ambako kivuko huelekea Rugezi. Aliuliza: ni sahihi?

Kisarufi, ndiyo. Hakuna neno lililokosewa umbo. Lakini safari imegeuka: "para" huelekeza kwenye mwisho wa safari, "por" huonyesha njia inayopitiwa. Mhispania angeelewa kwamba kijana yuko kisiwani au ng'ambo yake, naye anarudi bara. Abadilishe tu nafasi za maneno hayo mawili: "Mañana salgo para Ukerewe por Kisorya."

Kuchanganya "por" na "para" huenda pia kunatokana na "kwa" yetu, na hasa "kwa ajili ya". Tukisema "nimenunua sato kwa ajili ya mama", huenda mama ndiye atakayemla, au nimenunua kwa niaba yake, au yeye ndiye sababu. Kihispania hupunguza utata huo. "Compré el pescado para mi madre": samaki ni wake. "Por mi madre": nimenunua kwa niaba yake au kwa sababu yake. Sentensi zote mbili zinakubalika, kwa hiyo sarufi haitakuonya.

Penye shukrani ndipo kuna kosa la wazi. "Gracias por el pescado" ndiyo sahihi, kwani samaki ndiye sababu ya kushukuru. "Gracias para el pescado" haikubaliki.