Kupima nafasi ya kadi ya michoro

Kupima nafasi ya kadi ya michoro ni kuhakikisha, kabla ya kununua, kwamba kadi ndefu na nene itaingia katika kasha la kompyuta pamoja na waya wake wa umeme. Mnunuzi wa Gairo, mkoani Morogoro, anayeagiza kadi kutoka Dar es Salaam akiikuta haiingii, hulazimika kuirudisha kwa basi. Vipimo vinavyohitajika ni vitatu.

Urefu

Hupimwa kuanzia ukuta wa nyuma wa kasha, kwenye matundu ya kadi, hadi kizuizi cha kwanza upande wa mbele. Kizuizi hicho mara nyingi ni feni au rejeta ya maji, si ukuta wenyewe. Kwa mfano, kadi ya RTX 4090 iliyotengenezwa na Nvidia yenyewe mwaka 2022 ina urefu wa milimita 304. Katika kasha lenye nafasi ya milimita 315 mbele ya feni, kadi hiyo inaingia na kubakiza milimita 11. Ikiongezwa rejeta yenye unene wa milimita 27, nafasi inabaki 288, na kadi haiingii tena.

Unene

Matundu ya kadi hupishana kwa takriban milimita 20. Kadi hiyo ina unene wa milimita 61, hivyo huchukua matundu matatu. Chini yake ni lazima ibaki nafasi ya hewa, kwa sababu feni zikiwa karibu mno na sakafu ya kasha hukosa hewa na kadi hupata joto.

Waya wa umeme

Kipimo hiki ndicho husahauliwa zaidi. Katika kadi nyingi plagi huchomekwa ukingoni, ikielekea mlango wa ubavuni, hivyo waya huongeza upana wa kadi. Kwa plagi ya pini 16 inashauriwa waya uende wima milimita 35 hivi kabla ya kukunjwa. Kadi ya mfano ina upana wa milimita 137. Ukijumlisha 35 unapata 172. Ikiwa kutoka juu ya tundu la kadi hadi ndani ya mlango ni milimita 165, kadi itaingia lakini mlango utausukuma waya.

Waya uliobanwa hivyo huweza kuivuta plagi isikae sawasawa. Pini zisizogusana vizuri hupata joto na kuyeyusha plastiki. Matukio ya namna hiyo yaliripotiwa mwishoni mwa mwaka 2022. Dalili zake ni mwanya kati ya plagi na tundu lake, harufu ya plastiki inayoungua, au alama za kahawia kwenye pini. Mlango unaofungwa kwa kusukumwa ni onyo la mapema. Hapo hutafutwa kasha pana zaidi au kadi yenye upana mdogo.