Mvumo wa masikioni: vichochezi na daftari

Mvumo wa masikioni ni sauti anayoisikia mtu bila chanzo cha nje. Kafeini hulaumiwa mno, lakini jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2010 halikuona nafuu kwa walioiacha, na kuiacha ghafla huleta maumivu ya kichwa. Chumvi huhusishwa zaidi na ugonjwa wa sikio uitwao Ménière.

Mkazi wa Isinya aliyekula nyama choma yenye chumvi, akanywa bia na kulala usiku wa manane akiwaza karo hawezi kujua kilichochochea mvumo wake. Kwa hiyo kila jioni aandike daftarini vyakula, vinywaji, usingizi, wasiwasi na ukali wa mvumo, 0 hadi 10. Baada ya wiki chache abadilishe kitu kimoja tu. Mvumo unaodunda na moyo, au wa sikio moja, upimwe hospitalini.