Kipengele cha malipo (tangazo dogo)

Kipengele cha malipo ni mistari michache katika tangazo dogo la mauzo inayomweleza mnunuzi atalipa kwa njia gani, atalipa wakati gani, na muuzaji atahesabu lini kuwa amelipwa. Nchini Tanzania huonekana katika matangazo ya simu na friji zilizotumika, pikipiki, samani na vyumba vya kupanga, iwe kwenye Kupatana, Jiji, makundi ya WhatsApp au karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Utapeli mwingi unaowapata wauzaji wa kawaida hupitia kwenye mistari hii, kwa hiyo namna ya kuiandika ina kanuni zake.

Historia

Zamani kipengele hiki hakikuhitajika. Tangazo lilitaja bidhaa, likasema "bei maelewano" na kuweka namba ya simu. Mnunuzi alikuja, akaona, akahesabu noti. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata na huduma zake, malipo yalitengana na kuonana ana kwa ana. Mtu wa Mbeya aliweza kumlipa mtu wa Dar es Salaam asiyemjua sura. Pengo hilo kati ya pesa na mzigo ndimo tapeli anamofanyia kazi.

Muundo

Kipengele kilichokamilika kina mambo matatu: njia, wakati na uthibitisho. Njia hutajwa kwa majina yake, kwa mfano taslimu, M-Pesa, Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa), Airtel Money au uhamisho wa benki. Wakati ni baada ya mnunuzi kuiona bidhaa. Uthibitisho ni pesa kuonekana katika salio la muuzaji, ikiwa na jina la mnunuzi aliyesimama mbele yake.

Namba ya kupokelea pesa haimo katika orodha hiyo. Kutaja "M-Pesa" kunamtosha mnunuzi kupanga safari yake. Namba yenyewe ikiwekwa hadharani, mtu yeyote anayejaribu kutuma pesa huonyeshwa jina la mwenye laini kabla ya kuthibitisha muamala. Tapeli akishalijua jina, humpigia muuzaji akijifanya mtoa huduma, akamwita kwa majina yake kamili na kumwomba namba ya siri. Njia iliyo salama ni kutangaza laini ya mazungumzo isiyo na akaunti ya pesa, na kuitoa namba ya malipo ana kwa ana. Mwenye duka anaweza kutumia lipa namba, kwa sababu hiyo huonyesha jina la biashara na haipigiwi simu.

Maneno yanayoalika utapeli

"Napokea malipo kwa njia yoyote" humfungulia mlango mwenye hundi mbovu. "Tuma kishika uchumba nikuwekee" huwazoesha wasomaji kulipia kitu wasichokiona, na tapeli aliyenakili tangazo hilo hupata maneno yaliyo tayari. Anabadilisha namba tu. Msemo "ile pesa tuma kwenye namba hii" umekuwa jina la aina nzima ya utapeli nchini, ambapo meseji hurushwa kwa watu wengi kwa matumaini kwamba mmoja wao alikuwa njiani kumtumia mtu pesa. Muuzaji anayebadilisha namba ya malipo katikati ya mazungumzo humfanya mnunuzi ashindwe kumtofautisha na tapeli huyo. Onyo la herufi kubwa, "matapeli kaeni mbali", halizuii chochote. Sharti linaloweza kupimwa ndilo linalozuia.

Meseji ya kughushi

Mnunuzi bandia hutuma meseji iliyoandikwa kama ya mtandao, yenye kiasi, jina na namba ya muamala. Mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu, lakini jina la mtumaji nalo linaweza kughushiwa. Kipimo kisichodanganywa na meseji ya aina hii ni salio. Muuzaji huliangalia kabla ya malipo na baada yake kupitia menyu ya huduma yake, kama `*150*00#` kwa M-Pesa au `*150*01#` kwa Mixx by Yas, huku mzigo ukiwa bado ndani.

Utapeli wa watu watatu

Huu ndio mgumu kuliko wote kuugundua, kwa sababu pesa inayoingia ni halali.

Chukua muuzaji wa Tabata aliyetangaza friji ya milango miwili kwa shilingi 450,000 na kuandika: "Lipa M-Pesa kwa namba hii, mzigo utachukuliwa na bodaboda au kirikuu." Tapeli anampigia na kukubaliana naye 420,000 bila kutaka kuiona friji. Kisha ananakili picha na kutangaza friji ileile kwa 420,000, akiweka simu yake. Mnunuzi wa kweli aliyeko Mbagala anavutiwa. Tapeli anamwambia, "Ipo kwa shemeji yangu Tabata, mtumie pesa, utaletewa mpaka mlangoni." Pesa inaingia kwa muuzaji, analiangalia salio, analiona limeongezeka. Kirikuu kilichotumwa na tapeli kinafika na kuondoka na friji.

Mnunuzi wa Mbagala husubiri hadi jioni, kisha huripoti kwa mtandao na polisi. Namba aliyonayo ni ya muuzaji, na anayetakiwa kujieleza ni muuzaji. Salio pekee halikumwokoa. Ishara zilikuwa mbili: mnunuzi hakutaka kuona bidhaa, na jina lililokuja kwenye meseji ya malipo halikuwa la aliyezungumza naye wala la aliyekuja na gari.

Tangazo hilohilo lingeweza kuandikwa hivi:

"Friji milango miwili, ipo Tabata, bei 450,000. Njoo uione ikifanya kazi kabla ya kulipa. Malipo: taslimu, M-Pesa, Mixx by Yas au uhamisho wa benki, namba utapewa ukiwa hapa. Sipokei kishika uchumba. Anayelipa awe ndiye anayechukua, na jina lifanane. Mzigo hutoka nikishaona pesa kwenye salio."

Tapeli akilinakili tangazo hili, anawaambia wateja wake wenyewe wasilipe kabla ya kuona. Akifuta mistari hiyo, anayeyalinganisha matangazo mawili ya picha moja huiona tofauti. Mnunuzi wa mkoani anaweza kumtuma ndugu aje aione friji na alipe kwa simu yake mwenyewe.

Uhamisho wa benki

Picha ya muamala na karatasi ya kuweka pesa si malipo. Hundi huonekana katika taarifa ya akaunti kabla haijathibitishwa na benki iliyoitoa, na inaweza kukataliwa siku kadhaa baadaye. Hivyo ni bora tangazo liandike "uhamisho wa benki, si hundi". Kati ya akaunti za benki moja, pesa kwa kawaida huonekana papo hapo.

Kurudishwa kwa muamala

Mlipaji anaweza kuuambia mtandao kwamba amekosea namba, na pesa ambayo bado imo kwenye akaunti ikazuiwa wakati wa uchunguzi. Meseji ya mnunuzi inayosema "nimepokea friji, nimelipa 420,000" ndiyo utetezi wa muuzaji.

Kenya

Kanuni ni zilezile. Salio la M-Pesa huangaliwa kwa `*334#`.

Hali ya sasa

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na meseji za utapeli hutumwa kwenda 15040 pamoja na namba iliyozituma.