Kutafsiri picha ya skrini: mfano wa #SomeoneTellCNN

Picha ya skrini huhifadhi maneno ya chapisho, lakini mara nyingi hukata tarehe na mazungumzo yaliyolizunguka. Chapisho lifuatalo limetungwa kwa mtindo wa machapisho ya Wakenya katika Twitter:

```
Landed safely in the hotbed. Only terror so far: the price of tea 😂🇰🇪 #SomeoneTellCNN
```

Kazi ya kwanza ni kulipa tarehe. Alama ya reli peke yake haitoshi, kwa kuwa Wakenya waliitumia mwaka 2012 kulalamikia taarifa ya CNN kuhusu shambulio la guruneti jijini Nairobi, kisha wakaifufua Julai 2015. Kinachoamua ni neno `hotbed`. Mwaka 2015, siku chache kabla ya ziara ya Rais Obama, kituo hicho kiliita eneo hilo kwa neno hilo kwamba ni chimbuko la ugaidi. Mwezi uliofuata mkuu wake mmoja alikwenda Nairobi kuomba radhi. Asiyejua hayo atadhani mwandishi anasimulia safari.

Kwa asili, neno hilo ni tuta lenye joto la kuoteshea miche, na *kitalu* kingeihifadhi taswira hiyo. Hata hivyo, kejeli hapa inatokana na kuiga sauti ya mtangazaji, na lugha ya habari ya Kiswahili husema *kitovu cha ugaidi*. Sauti ipewe uzito kuliko taswira. Ugumu uko kwenye `terror`, ambalo kwa Kiingereza ni ugaidi na pia hofu kuu. Anayeandika “kilichonitisha ni bei ya chai” amepata maana na kupoteza mzaha, kwani neno la CNN halirudi tena. Afadhali lirudiwe:

> Nimetua salama katika “kitovu cha ugaidi”. Ugaidi pekee niliokutana nao hadi sasa ni bei ya chai 😂🇰🇪 #SomeoneTellCNN

Alama za mtajo zimeongezwa na mfasiri, maana msomaji wa Kiswahili hana budi kuona kwamba maneno hayo ni ya mwingine.

Alama ya reli haitafsiriwi ndani ya chapisho, kwa sababu ndiyo inayoliunganisha na mengine, ikibadilishwa, haitafutiki. Maana yake huwekwa katika maelezo: “Hebu mtu awaambie CNN”. Hali tegemezi *awaambie* inafaa kuliko amri *waambie*, kwa kuwa hakuna msikilizaji aliyetumwa. Ni malalamiko yanayosemwa hadharani ili mlengwa ayasikie.

Emoji nazo hubaki. Uso wa 😂 unatoa machozi ya kicheko, ingawa katika picha iliyofifia huweza kudhaniwa 😭, na hapo kejeli hugeuka kilio cha mnunuzi wa chai. Mfasiri aikuze picha kabla ya kuamua. Bendera inaonyesha kwamba msemaji anajibu kama Mkenya miongoni mwa Wakenya. Bila hiyo, sentensi hiyohiyo ingeweza kuwa dhihaka ya mgeni.